Maneno ya mwalimu usiku wa kuamkia jaribio la intigresheni

Kaeni, kaeni. Shikamoo mlishanipa mchana, inatosha.

Sikuja kufundisha. Atakayeniuliza mada mpya saa hizi nitamtoa nje tukaote baridi wote wawili. Naomba dakika kumi za prepu yenu, halafu nawaachia.

Nimepita hapo dirishani sasa hivi nikasikia mtu anasema, "PCM, kesho tumekwisha." Sitamtaja. Lakini nataka nimjibu, maana naona wengine mmenyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Katika mada zote tulizopita tangu mfike Kidato cha Tano, hii ndiyo mada pekee ambayo unaingia nayo chumbani na majibu mfukoni, na msimamizi hawezi kukukamata. Ukiintigreti, ukapata jibu, unalidifrenshieti. Likirudi kwenye swali, umepata. Lisiporudi, umekosa, na umejua kabla yangu. Sasa mtu anayeweza kusahihisha karatasi yake mwenyewe anaogopa nini?

Tazameni ubaoni. Hili nimelitoa kwenye madaftari yenu ya wiki iliyopita, zaidi ya mmoja mlifanya hivi:

```
∫ x cos x dx = x sin x − cos x + C
```

Linapendeza kwa macho. Haya, difrenshieti upande wa kulia. `x sin x` inatoa `sin x + x cos x`. `−cos x` inatoa `+ sin x`. Jumla ni `x cos x + 2 sin x`. Swali lilikuwa na hiyo `2 sin x`? Halikuwa nayo. Basi kosa liko kwenye alama ya kati, na jibu ni `x sin x + cos x + C`. Imetuchukua nusu dakika, tena nikiwa naongea.

Na msione aibu kukosea hapo. Ile alama ya ∫ ni herufi S iliyovutwa, S ya neno la Kilatini *summa*, na Leibniz ndiye aliyeianza mwaka 1675. Basi mwaka huo huo, mtu huyo huyo alijiuliza kwenye karatasi zake kama kudifrenshieti `xy` ni kuzidisha tu `dx` kwa `dy`. Akaipima, akaona si kweli. Kosa lilimpitia kichwani hata mwenye mada yake. Tofauti ni kwamba yeye aliipima kabla ya kuendelea.

Kuna vitu viwili ambavyo difrenshiesheni haivioni, na hapo ndipo mnaponipa kazi ya kukata alama.

Cha kwanza ni C. Ukidifrenshieti konstanti inapotea, kwa hiyo uwe umeiandika au umeisahau, ukaguzi utakwambia uko sawa. Hiyo itafute kwa macho. Ukimaliza karatasi yote, pitia kila intigrali isiyo na limiti, weka kidole, sema "C ipo." Kwa sauti ya chini, tafadhali. Mwaka jana kuna mmoja aliisema nikaisikia mpaka mlangoni.

Cha pili ni limiti. Hapa nikae kidogo, maana mimi mwenyewe nilipokuwa kwenye viti kama hivyo niliangukia hapa, na jibu langu bado nalikumbuka.

```
∫ x(x² + 1)³ dx,  kuanzia x = 0 hadi x = 2
```

Unaweka `u = x² + 1`, nusu inatoka nje, unapata `u⁴/8`. Vizuri sana. Kisha mkono unakimbilia 0 na 2, kwa sababu ndizo zilizoandikwa kwenye swali. 16 gawanya kwa 8, jibu 2. Nilipiga mstari chini yake mara mbili, kwa raha zangu. Lakini 0 na 2 ni za x. Ukishahamia kwa u, limiti nazo zinahama: x ikiwa 0, u ni 1, x ikiwa 2, u ni 5. Basi ni 625 toa 1, gawanya kwa 8. Jibu ni 78.

Ningejuaje bila kurudia hesabu? Ningeuliza ukubwa tu. x ikiwa 1, kile kitu ni 8. x ikiwa 2, ni 250. Kati ya 1 na 2 peke yake, grafu haishuki chini ya 8, na upana ni 1, kwa hiyo eneo la kipande hicho tu linapita 8. Mimi naleta 2! Ni kama mtu aliyetumwa gunia la mahindi akarudi na kibaba, na wala hashangai.

Kwa hiyo intigrali yenye limiti ikague mara mbili. Difrenshieti kabla hujaingiza namba, na ukishaingiza, uliza kama ukubwa na alama vina akili. Ukiona kitu ambacho kila mahali ni chanya kimekupa eneo hasi, simama. Jaribu `1/x²` kutoka −1 hadi 1, utapata −2 safi kabisa, kumbe pale kwenye 0 kitu chenyewe hakipo. Na wakisema *eneo*, chora hata kwa mkono mbaya. `x³ − x` kutoka −1 hadi 1 inaintigreti kuwa 0, lakini eneo lake ni nusu, kwa sababu kipande kimoja kiko juu na kingine chini vikafutana.

Kalkuleta: iwe kwenye rediani. Ukiiambia iintigreti `sin x` kutoka 0 hadi `π/2` jibu ni 1. Ikikupa 0.0215, iko kwenye digrii. Ipimeni kwa swali hilo hilo asubuhi, kabla ya kuingia.

Ehe, Baraka? ... Muda. Swali zuri. Maswali ni 8, dakika 120. Yaani 15 kila moja. Usizitumie zote kuandika. Andika kwa 12, na zile 3 ni za kukagua hapo hapo, akili ikiwa bado moto, si mwisho wa mtihani ukiwa umechoka na unaangalia saa. Swali likikataa kwa u, jaribu patsi. Likikataa kwa patsi nalo, acha nafasi, songa mbele. Usigombane nalo. Na ukikuta umekosea, piga mstari mmoja, usichafue. Ile kazi ya zamani huwa naisoma na mara nyingine ina alama ndani yake.

Usiku huu msipige msuli mpaka saa nane. Kama kuna ulichobakiza, chukua maswali matatu uliyokwisha kuyafanya, funika swali, difrenshieti jibu lako uone kama utalipata tena. Halafu lala.

Kesho saa mbili kamili. Kalamu mbili, rula, penseli. Na aliyeazima kalkuleta yangu Jumanne, ile yenye plasta nyuma, ailete sasa hivi kabla sijatoka. Sitamuuliza kitu.