Muhtasari wa sauti: nyumba ya Tabata Kimanga

Dada, nimesikiliza yote rekodi uliyonitumia ya kukagua hiyo nyumba tunayotaka kupanga, hata pale mbwa wa jirani alipokufunika sauti.

Ilivyo: vyumba viwili, kimoja masta, sebule yenye feni, jiko lenye makabati, marumaru kote, simtanki la lita 1,000. Kodi 350,000 kwa mwezi, wanataka ya miezi 6. Dalali anadai ya mwezi mmoja juu yake.

Kasoro: kubwa ni unyevu. Umesema rangi imebanduka kwenye ukuta wa masta unaopakana na choo, na chini kuna chumvichumvi nyeupe. Nahisi bomba linavuja ndani ya ukuta. Wakipaka rangi tu, unyevu utarudi palepale. Sinki la jiko linapitisha maji polepole. Kitasa cha mlango wa nyuma hakifungi.

Ya kumuuliza mwenye nyumba mwenyewe (kwa dalali kila kitu “kitarekebishwa”): Bomba litatengenezwa kabla hatujalipa? LUKU ni yetu peke yetu au tunachangia na wapangaji wa uani? Maji ya DAWASA hutoka siku zipi? Shimo la choo likijaa, nani analipa gari la kunyonya? Atakubali miezi 3?

Madirishani hukutaja nondo wala nyavu. Zipo?