Jedwali la mitosisi na meiosisi: nini kinaachana na nini

Karatasi hii ni ya marudio kabla ya mtihani wa Alhamisi. Nimeiandika baada ya kusahihisha zoezi la wiki iliyopita. Karibu nyote mliandika kwamba mitosisi huzaa seli mbili na meiosisi seli nne, na alama zenu mmezipata. Lakini pale nilipouliza idadi ya kromosomu hupungua lini, zaidi ya nusu yenu mlijibu kwamba hupungua katika meiosisi ya pili. Sivyo. Hupungua katika meiosisi ya kwanza, na anayekosea hapo huharibu karibu kila mstari wa jedwali.

Kwa hiyo lisomeni jedwali mkiwa na swali moja kichwani: katika anafesi, nini kinaachana na nini?

Kwanza tuyatenganishe maneno mawili. Kromosomu wenza ni mbili zinazofanana kwa urefu na kwa mpangilio wa jeni, moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama. Zinabeba jeni zilezile, ila si lazima ziwe za aina moja: moja yaweza kuwa na jeni ya kundi la damu A na mwenzake ya kundi B. Kromatidi ndugu ni kitu kingine. Hizo ni nakala mbili za kromosomu moja, zimetokea DNA iliponakiliwa, na zimeshikana kwenye sentromia. Wenza hufanana, ndugu ni nakala kabisa.

| Kinacholinganishwa | Mitosisi | Meiosisi |
|---|---|---|
| Hutokea wapi kwa wanyama | Seli za mwili, pamoja na seli za ovari na korodani zinapoongezeka kabla ya kuanza meiosisi | Seli za ovari na korodani zinazotengeneza gameti |
| DNA hunakiliwa mara ngapi | Mara 1, kabla ya mgawanyiko | Mara 1 tu, kabla ya mgawanyiko wa kwanza |
| Migawanyiko | 1 | 2, mfululizo |
| Kromosomu wenza kushikana jozi | Hazishikani | Hushikana katika profesi ya kwanza |
| Kubadilishana vipande | Si sehemu ya mchakato | Hutokea katika profesi ya kwanza, kati ya kromatidi zisizo ndugu za kromosomu wenza |
| Mpangilio katikati ya seli | Kromosomu moja moja | Metafesi ya kwanza jozi jozi, ya pili moja moja |
| Kinachoachana katika anafesi | Kromatidi ndugu | Ya kwanza: kromosomu wenza. Ya pili: kromatidi ndugu |
| Idadi ya kromosomu | Haibadiliki: 2n hubaki 2n (binadamu 46 hadi 46) | Hupungua kwa nusu: 2n huwa n (binadamu 46 hadi 23) |
| Seli zinazozaliwa | 2 | 4 |
| Jeni za seli hizo | Sawa na za seli mama | Tofauti na za seli mama, na tofauti zenyewe kwa zenyewe |
| Kazi | Kukua, kuponya majeraha, kufidia seli zilizokufa, kuzaana bila jinsia | Kutengeneza gameti. Kwa mimea, spora |

Idadi ya kromosomu

Kanuni ya kuhesabu ni fupi: hesabu sentromia. Kromosomu iliyonakiliwa ina kromatidi mbili lakini sentromia bado inahesabiwa moja, kwa hiyo ni kromosomu moja. Ndugu wakishaachana, kila mmoja anahesabiwa kuwa kromosomu kamili. Fuateni hesabu hii kwa seli ya binadamu:

| Hatua | Kromosomu | Molekuli za DNA ndani yake |
|---|---|---|
| Kabla ya DNA kunakiliwa | 46 | 46 |
| Baada ya kunakiliwa | 46 | 92 |
| Anafesi ya mitosisi, seli nzima | 92 | 92 |
| Kila seli baada ya mitosisi | 46 | 46 |
| Kila seli baada ya meiosisi ya kwanza | 23 | 46 |
| Kila seli baada ya meiosisi ya pili | 23 | 23 |

Tazameni mistari miwili ya mwisho kwa utulivu. Baada ya meiosisi ya kwanza kromosomu zimeshakuwa 23, kwa sababu kila mwenza amekwenda upande wake. Bado kila moja ina kromatidi mbili. Meiosisi ya pili inaachanisha ndugu tu: DNA inapungua kwa nusu, idadi ya kromosomu inabaki 23. Jibu la zoezi letu limo humo.

Msiione aibu kujikanganya katika kuhesabu. Kwa miaka mingi wanasayansi wenyewe waliamini binadamu ana kromosomu 48. Ni mwaka 1956 tu Joe Hin Tjio na Albert Levan walipotandaza seli vizuri chini ya hadubini na kuonyesha kwamba ni 46.

Kubadilishana vipande

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko kwingine, na ndipo majibu mengi yalipokuwa ya mstari mmoja. Chukueni nyuzi nne: mbili za buluu na mbili nyekundu, zenye urefu sawa. Fungeni za buluu pamoja kwa fundo katikati, na nyekundu vivyo hivyo. Mnazo sasa kromosomu wenza mbili, kila moja na kromatidi zake mbili. Zilazeni sambamba. Kateni ncha ya uzi mmoja wa buluu na ncha ya uzi mmoja mwekundu mahali palepale, kisha ungeni kila ncha kwenye uzi wa rangi nyingine. Fungueni mafundo mhesabu: mna uzi wa buluu mtupu, mwekundu mtupu, wa buluu wenye ncha nyekundu, na mwekundu wenye ncha ya buluu. Kila mmoja utaishia kwenye seli yake. Hakuna seli mbili zilizopata uzi wa namna moja.

Mkibadilishana ncha kati ya buluu na buluu hakuna kitakachobadilika, maana ndugu ni nakala. Ndiyo sababu jedwali linasema "kromatidi zisizo ndugu", na ndiyo sababu mtahini anayatafuta maneno hayo. Sehemu ambapo kromatidi zimebadilishana huonekana kwa hadubini kama msalaba, huitwa kiazma. Kiazma ina kazi ya pili inayosahauliwa: huwafunga wenza pamoja mpaka anafesi, ili nyuzi za spindeli ziwavute sawasawa, kila mmoja upande wake.

Ushahidi wa macho ulikuja mwaka 1931. Harriet Creighton na Barbara McClintock walitumia mahindi yenye kromosomu ya 9 isiyo ya kawaida: upande mmoja ilikuwa na nundu, na upande mwingine kipande kilichotoka kwenye kromosomu nyingine. Alama hizo mbili ziliweza kuonekana kwa hadubini. Jeni zilipobadilishana, walikuta na alama zimebadilishana: nundu iko hapa, kile kipande kiko kwingine. Thomas Hunt Morgan alikuwa amelitabiri jambo hilo miaka 20 hivi kabla, kwa kuwahesabu nzi wa matunda tu.

Mtu akiuliza kama mitosisi haibadilishani vipande kamwe, hutokea kwa nadra, na si sehemu ya utaratibu wake. Katika mtihani andikeni kama jedwali linavyosema.

Kubadilishana vipande hakupunguzi idadi ya kromosomu. Wachache mlichanganya. Kunachanganya jeni, kinachopunguza idadi ni kuachana kwa wenza.

Seli zinazozaliwa

Mitosisi: mbili, zenye jeni sawa na za mama. Hapa hapana mengi.

Meiosisi: nne, kila moja na seti moja. Utofauti wao una vyanzo viwili. Cha kwanza tumekiona kwenye nyuzi. Cha pili ni namna jozi zinavyojipanga katika metafesi ya kwanza: kila jozi huamua peke yake ni mwenza yupi ataelekea upande upi, bila kuangalia jozi jirani. Kwa jozi 23, hiyo ni 2²³, yaani michanganyiko 8,388,608, hata kabla ya kuhesabu vipande vilivyobadilishana.

Neno "nne" lina sharti lake. Katika korodani seli zote nne huwa mbegu za kiume. Katika ovari mgawanyiko wa saitoplazimu hauko sawa: seli moja huchukua karibu saitoplazimu yote ikawa yai, na nyingine ni vijiseli vidogo vinavyokufa. Isitoshe, meiosisi ya yai la binadamu huanza msichana akiwa bado tumboni mwa mama yake, husimama katika profesi ya kwanza kwa miaka mingi, na meiosisi ya pili hukamilika pale tu mbegu ya kiume inapoingia. Kusubiri huko kunachangia wenza kushindwa kuachana kadiri umri wa mama unavyosogea. Kromosomu ya 21 isipoachana na mwenzake, yai hubeba mbili, na mtoto hupata tatu, jumla 47. Hiyo ndiyo hali ya Down, na Jérôme Lejeune na wenzake walionyesha chanzo hicho mwaka 1959.

Nyumbu anaonyesha tofauti ya michakato hii miwili ndani ya mwili mmoja. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, na nyumbu hupata 32 kwa huyu na 31 kwa yule: 63. Mwili wake hukua na kuwa na nguvu, kwa kuwa mitosisi haihitaji wenza. Kila kromosomu hujinakili na kugawana ndugu. Kwenye meiosisi mambo hukwama. Kromosomu za farasi na za punda hazilingani vya kutosha kushikana jozi kwa ukamilifu, kwa hiyo gameti zinazofaa hazitengenezwi, na nyumbu karibu wote ni tasa.

Jijaribuni

Kitunguu kina 2n = 16. Funikeni majibu, mhesabu wenyewe.

1. Ncha ya mzizi, anafesi ya mitosisi, seli nzima: kromosomu ngapi? 32, kwa kuwa ndugu wameachana.
2. Ua, anafesi ya kwanza ya meiosisi, seli nzima: ngapi? 16. Wenza wanaachana, ndugu bado wameshikana, sentromia hazijaongezeka.
3. Kila seli baada ya meiosisi ya kwanza: ngapi, na kromatidi ngapi? Kromosomu 8, kromatidi 16.
4. Anafesi ya pili, ndani ya kila moja ya seli hizo: ngapi? 16.
5. Kila moja ya seli nne za mwisho: ngapi? 8.

Aliyekosa swali la 2 au la 4 aje na nyuzi zake kabla ya kipindi cha Jumatano. Tutazifunga na kuzikata tena pamoja.