Bango la Paje, maji yakiwa yamekupwa

Tumia picha hii ya ufuo wa Paje, Unguja, niliyoipiga asubuhi maji yakiwa yamekupwa. Ichore upya kama bango la utalii la miaka ya 1930 lililochapwa kwa litografia. Wima, uwiano 2:3.

Rangi tano tu, zote bapa: feruzi ya maji, buluu iliyokolea, rangi ya mchanga, chungwa la alfajiri na nyeupe. Zisififie wala kuchanganyikana. Kila umbo liwe na ukingo safi kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi.

Ngalawa ndiyo moyo wa bango. Ibaki na tanga lake la pembetatu na mbao mbili za kuelea, moja kila upande. Hapo usikosee: ukiacha mbao moja, si ngalawa tena. Vijiti vya mashamba ya mwani viwe mistari mifupi ya buluu iliyokolea majini, vikipungua kuelekea upeo.

Mnazi mmoja, kushoto. Ondoa watalii na nyaya za umeme.

Theluthi ya juu iwe anga tupu ya chungwa, bila wingu wala ndege. Kichwa nitakiandika mwenyewe, hivyo usiweke herufi yoyote.