Samahani kwa kuchelewa kwa ripoti: utaipata kesho Jumatano, saa 4 asubuhi

Shikamoo mama,

Pole na majukumu. Ripoti ya mauzo na stoo tuliyoahidi ungeipata jana jioni haijakufikia, na najua Alhamisi unaihitaji benki. Naomba radhi sana.

Umeme ulikatika jana asubuhi mtaa mzima hapa Kariakoo, transfoma ikalipuka. Jenereta la jengo lilitusaidia hadi mchana, mafuta yakaisha. Intaneti nayo ilipotea, hata ya simu ikawa inasuasua. Umeme umerudi leo saa 9 alasiri. Kazi yako yote ipo salama, hakuna kilichopotea.

Duka la Mikocheni limekamilika. Kilichobaki ni Tegeta: miamala ya lipa namba ya wiki ya mwisho ya mwezi bado hatujailinganisha na taarifa ya benki, na pale kwenye saruji hesabu ya stoo inapishana na daftari la mauzo. Sitaki uende mbele ya afisa mikopo na tofauti ambayo huwezi kuieleza, ndiyo maana sikutumii nusu nusu.

Usiku huu tunaimalizia. Kesho saa 4 kamili asubuhi itakuwa kwenye barua pepe yako, na nakala iliyochapwa ataileta kijana wetu dukani kabla ya saa 6. Umeme ukikatika tena, tumeshapata nafasi ofisi ya jirani yenye sola, kwa hiyo muda haubadiliki.

Saa 5 nitakupigia tuipitie pamoja.

Wako,
Mhasibu wako, Kariakoo