Ombi la kusogeza intavyu ya Ijumaa

Habari ya asubuhi madam. Asante sana kwa kunichagua kwa intavyu ya ile nafasi ya ofisi ya akaunti, nimeona imeli yako jana jioni nikafurahi kweli.

Shida ni moja tu, mmeniweka Ijumaa saa saba mchana na hiyo ndiyo saa ya swala ya Ijumaa, mimi ni Mwislamu na hii si kama swala zingine naweza kuswali baadaye peke yangu, ni lazima niwe msikitini na waumini wenzangu na nisikize hotuba. Huwa naswali Jamia hapa tauni, tunatoka kama saa saba unusu, halafu kufika Westlands na ile jam ya Ijumaa unaijua mwenyewe.

Naomba kama inawezekana mnisogeze asubuhi, hata saa mbili niko tayari, ama saa tisa na nusu alasiri. Alhamisi pia niko huru siku nzima. Kama paneli haiwezi kubadilika tuongee kwa simu tuone, nafasi hii naitaka sana.

Vyeti nitabeba vyote orijino. Asante madam, nangoja jibu lako.