Barua kwa Mama Zuhura: ombi la kupunguziwa kodi ya fremu

Fremu namba 3,
Changanyikeni, Dar es Salaam.
26 Mei 2020

Mama Zuhura,

Shikamoo mama. Natumaini Idi mmeila kwa amani pamoja na wajukuu, ingawa mwaka huu haikuwa ya kutembeleana kama tulivyozoea.

YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA KODI YA FREMU, JUNI HADI AGOSTI 2020

Jumapili uliponiuliza kwa simu kama kodi ya robo inayofuata iko tayari, nilikujibu "tutaongea". Halikuwa jibu zuri kwa mtu uliyenipokea tangu 2017, na nikaona bora nikuandikie nikiwa na hesabu mkononi kuliko kukuzungusha.

Kodi yetu ni shilingi 350,000 kwa mwezi, nalipa ya miezi mitatu kwa mkupuo, yaani 1,050,000. Ya Machi mpaka Mei nilikuletea yote mwishoni mwa Februari, kabla ya mambo haya ya korona. Sina deni lako hata senti. Ninachoomba ni miezi mitatu tu inayokuja, nilipe kile ambacho duka langu la kopi linaweza kubeba.

Unajua wateja wangu ni akina nani. Serikali ilipofunga vyuo tarehe 18 Machi, wanafunzi walifungasha mabegi ndani ya siku mbili tatu, na mtaa ukanyamaza. Tulidhani ni siku 30. Katikati ya Aprili likatoka tangazo kwamba vitabaki vimefungwa mpaka litolewe jingine. Hapo ndipo nilipomwambia kijana wa kuprinti arudi kwao kwanza, nikabaki na binti mmoja.

Sitaki uniamini kwa maneno. Mashine ya kopi ina kaunta ndani, inahesabu kila karatasi inayopita na mimi siwezi kuirudisha nyuma. Januari ilihesabu kopi 41,300. Aprili nzima ilihesabu 2,940. Mei, kufikia juzi tarehe 24, ni 2,610. Kopi moja ni shilingi 50, kwa hiyo mwezi wa Aprili mashine ile kubwa iliniingizia shilingi 147,000. Nimeipiga picha kaunta kila mwisho wa mwezi, na picha zimo kwenye bahasha hii.

Mauzo yote ya duka, pamoja na madaftari, kalamu, vocha na kubaindi, yalikuwa 3,870,000 Aprili mwaka jana. Aprili hii ni 612,000, haikufika hata sehemu moja ya sita. Nimeambatanisha ripoti za mashine ya EFD za miezi yote miwili na taarifa ya miamala ya M-Pesa. Risiti za LUKU pia nimeziweka: Februari nilinunua umeme wa 118,000, Aprili wa 31,000. Duka lenye kazi halitumii umeme wa 31,000, mama.

Katika hizo 612,000, bidhaa, karatasi na wino zilichukua 265,000, umeme 31,000, binti nikampa 120,000. Zikabaki 196,000. Kama kodi isingekuwa imelipwa mapema, ningepungukiwa 154,000 kabla sijanunua hata kilo ya unga. Kilichotusitiri ni barakoa anazoshona mama Neema usiku, tunaziuza hapo dukani kwa shilingi 1,000. Vitakasa mikono nilijaribu, vikanidodea.

Najua utasema: "Si vyuo vinafunguliwa tarehe 1 Juni?" Ni kweli, Rais ametangaza Alhamisi iliyopita, na nilipiga magoti kushukuru. Lakini wanafunzi wengi wako mikoani, na hawatarudi wote siku moja. Halafu kuna jambo ambalo aliye nje ya biashara hii halioni: mtaji wa karatasi nimeula. Duka lilikuwa halikosi rimu 40 kwenye shelfu, leo zimebaki 3. Rimu moja ni kama 10,000, kwa hiyo ili niwe tayari wakigonga mlango nahitaji kama 370,000 za karatasi, bado wino. Nikikupa 1,050,000 wiki ijayo, wanafunzi watakuta mashine haina karatasi, watahamia kwa jirani, na Septemba nitakuja kwako na habari mbaya zaidi ya hii.

Pendekezo langu ni hili. Juni nilipe 150,000, Julai 200,000, Agosti 250,000. Jumla 600,000 badala ya 1,050,000. Nitalipa mwezi kwa mwezi, kabla ya tarehe 5, kwenye namba yako ileile. Kuanzia tarehe 1 Septemba kodi inarudi 350,000 bila mimi kukumbushwa, na utaratibu wa miezi mitatu mitatu unarudi. Punguzo linakufa lenyewe tarehe 31 Agosti, sitalitumia kuomba jingine.

Na ili usije ukaona nimekupunja kama biashara ikichangamka haraka: tarehe 31 Julai tusome kaunta pamoja, au umtume Zuhura. Ikionyesha kopi zaidi ya 25,000 kwa mwezi huo, Agosti nalipa 350,000 kamili.

Kama kusamehe 450,000 zote ni kukuumiza, naelewa. Najua fremu hizi ndizo pensheni yako, na fremu namba 1 iko tupu tangu Aprili. Basi nisamehe nusu, 225,000, na nusu nyingine iwe deni langu. Nitalilipa 45,000 kila mwezi juu ya kodi, kuanzia Oktoba mpaka Februari, miezi mitano, liishe. La kwanza lingenipa nafuu zaidi, lakini hata la pili nitalipokea kwa mikono miwili.

Kodi ya zuio ya asilimia 10 nitaendelea kuikata na kuipeleka TRA kwa kiasi nitakachokuwa nimekulipa kweli, na risiti nitakuletea kama kawaida. Hutalipia fedha ambayo hukuipokea.

Tukikubaliana, nimeandika karatasi ya ukurasa mmoja ya kuongezea kwenye mkataba, nakala mbili, inayosema punguzo ni la miezi hii mitatu tu na masharti mengine yote yanabaki. Mkataba wenyewe unaisha Februari 2021 na sina nia ya kuondoka kabla. Ile bomba ya nyuma inayovuja nitaitengeneza mwenyewe mwezi huu, fundi ni rafiki yangu, wala sitaidai kwenye kodi.

Nitapita nyumbani Alhamisi baada ya alasiri, nikiwa na barakoa na nikisimama barazani, nije na daftari la mauzo lenyewe kama utataka kulipekua. Ikiwa siku hiyo haikufai, nitumie ujumbe nije Ijumaa baada ya swala. Ningefurahi kupata jibu lako kabla ya tarehe 31, maana karatasi lazima niziagize Kariakoo Jumatatu asubuhi, na kiasi cha kuagiza kinategemea neno lako.

Wasalimie wote nyumbani.

Mpangaji wako,

Baba Neema

Viambatanisho: picha za kaunta ya mashine (Januari hadi Mei 2020), ripoti za EFD za Aprili 2019 na Aprili 2020, taarifa ya miamala ya M-Pesa, risiti za LUKU, nakala mbili za nyongeza ya mkataba.