Kodi ya Kutuma Pesa: Skripti ya Kipindi cha Jumamosi Asubuhi, 5 Agosti 2023

(Muziki wa kufungua, sekunde 15, kisha ushuke chini ya sauti)

MTANGAZAJI: Sasa mtaa! Huruma, Mathare, Kariobangi, na wale wa Korogocho mnaoweka redio dirishani ndio ishike. Ni saa tatu na dakika tano. Wiki hii meseji zenu zote ni kuhusu kitu kimoja tu, mbona M-Pesa imepanda. Kuna mmoja ameandika "naskia ukituma thao serikali inachukua soo na hamsini", mwingine ati afadhali arudi kuweka pesa kwa godoro. Basi nimemleta mama mmoja hapa studio, mtaani mnamjua, ni mweka hazina wa chama miaka mingi na hajawahi kukosa hata shilingi kwa kitabu. Karibu Mama.

MWEKA HAZINA: Asante kijana wangu. Na huyo wa godoro mwambie panya hawalipi kodi.

MTANGAZAJI: (kicheko) Tuanze na huyo wa soo na hamsini. Ni ukweli?

MWEKA HAZINA: Si ukweli, na hapo ndipo watu wengi wamechanganyikiwa. Kodi ni asilimia 15, hiyo ni kweli, lakini haikatwi kwa pesa unayotuma, inakatwa kwa ile ada ya kutuma. Ukituma thao moja, ada ni shilingi 13, sindio? Sasa ndani ya hiyo 13 ndio serikali iko, na ukipiga hesabu inabeba kama shilingi moja na senti 70. Hiyo ingine ni ya kampuni. Thao yako inafika kwa mwenyewe ikiwa thao.

MTANGAZAJI: Lakini kwa simu sioni mahali imeandikwa kodi.

MWEKA HAZINA: Hutaona. Meseji inakuandikia tu "Transaction cost, Ksh13.00", kodi imefichwa humo ndani kama chumvi kwa ugali. Wanaiita ushuru wa bidhaa, wengine wanasema eksaizi. Kampuni inakusanya, inapelekea KRA. Na kwa sababu haionekani watu hudhani imeanza juzi, kumbe ilianza 2013 ikiwa asilimia 10, ikapanda 12 mwaka wa 2018, sasa 2023 ni 15. Kila miaka mitano tunaongezwa, kila mara mwaka unaofuata kura ama mwaka wa kura wenyewe. Mimi nasema tu vile kalenda inasema.

MTANGAZAJI: Mama usitufungishe stesheni.

MWEKA HAZINA: Nimenyamaza.

MTANGAZAJI: Na hii maneno ya korti? Juni tuliambiwa imesimamishwa, nikafurahi, sasa tena naskia iko.

MWEKA HAZINA: Rais alitia sahihi Sheria ya Fedha tarehe 26 Juni, ilikua ianze tarehe moja Julai. Tarehe 30 Juni Mahakama Kuu ikaisimamisha yote. Halafu juzi tarehe 28 Julai Mahakama ya Rufaa ikaondoa hiyo amri, kesi yenyewe ikaendelea lakini sheria ikaanza kufanya kazi. Kwa hivyo saa hii ukituma pesa unalipa 15, hata kama wakili wako amekuambia subiri.

MTANGAZAJI: Tuambie mfukoni sasa. Imeongezeka na ngapi?

MWEKA HAZINA: Ndio nimekuja na kitabu. Kutuma kati ya 101 na 500 ilikua shilingi 6, sasa ni 7. Thao moja ilikua 12 sasa 13. Elfu mbili ilikua 32 sasa 33. Elfu tano ilikua 55, sasa 57. Elfu kumi 87, sasa 90. Kutoa kwa ajenti, kutoka 101 mpaka 2500 ilikua 28 sasa ni 29, na kutoa elfu tano imetoka 67 ikaenda 69.

MTANGAZAJI: Shilingi moja moja tu? Sasa mbona watu wanalia hivi?

MWEKA HAZINA: Subiri kijana. Angalia hiyo ya kwanza, 6 kuenda 7. Kodi imepanda kutoka 12 hadi 15, kwa ada ya shilingi 6 hiyo haifiki hata senti 20. Lakini nani analipisha senti Nairobi? Wanazungusha juu, inakua bob nzima. Kwa hivyo mtu wa kutuma rwabe ada yake imepanda kwa asilimia kama 17, na mtu wa kutuma laki moja ametoka 105 akaenda 108, hiyo haifiki asilimia tatu. Yule wa laki analipa 108 kwa laki nzima! Wewe unalipa 7 kwa mia mbili. Sasa niambie ni nani anabebeshwa.

MTANGAZAJI: Eeeh. Hiyo mmeskia huko nje?

MWEKA HAZINA: Na kitu ingine inaniuma. Sheria hiyo hiyo imeshusha kodi ya ada za benki kutoka 20 hadi 15, na ya simu na bando kutoka 20 hadi 15. Ati wanasawazisha. Sasa mwenye benki amepunguziwa, ukipiga simu kumwambia mamako huna pesa umepunguziwa, lakini ukimtumia hiyo pesa umeongezewa.

(Mlio mfupi wa kipindi, sekunde 5)

MTANGAZAJI: Tuko na simu. Haloo, uko hewani, zima redio kidogo bro.

MSIKILIZAJI: Niaje, sasa mathe. Mimi ni wa nduthi hapa steji ya Kariobangi. Jana nimeenda kutoa rwabe, ajenti ananiambia niongeze ashu juu, ati ni ya serikali mpya. Nikampa. Hiyo ni sawa?

MWEKA HAZINA: Umeibiwa mwanangu, pole. Ajenti hakusanyi kodi yoyote mkononi. Kila kitu kinakatwa kwa simu, meseji ikija ndio hiyo, akikuitisha kitu juu yake huyo amejitungia serikali yake. Nenda kwa mwingine, na uwaambie wenzako wa steji.

MSIKILIZAJI: Hee. Na zile wateja wananitumia kwa namba yangu, wanalia wanakatwa.

MWEKA HAZINA: Fare ya finje ama soo haikatwi, kutuma kuanzia soo moja kushuka chini ni bure, na pahali hakuna ada hakuna kodi pia. Ikipita soo ndio 7 inaingia. Kama uko na wateja wa mia mbili mia tatu kila siku, chukua till, mteja halipi kitu akilipa kwa till, mzigo unabaki upande wa biashara na ni mdogo.

MSIKILIZAJI: Si mtu anaweza tuma soo mara mbili?

MWEKA HAZINA: (anacheka) Najua mko na hiyo ujanja, na inafanya kazi, ila ukirudia kiasi kile kile kwa mtu yule yule hapo hapo mtambo unaweza kukataa, unaambiwa ungoje. Na mteja ako na haraka ya kuingia kazini.

MTANGAZAJI: Asante bro, endesha pole pole. Mama, sasa nipe nyumba moja. Nyumba ya kawaida.

MWEKA HAZINA: Nitakupa jirani yangu, hajakataa nimseme, jina tu ndio sitataja. Anauza chapati na maharagwe. Kila wiki anatumia mtu wa unga elfu mbili mara tatu. Mara mbili kwa mwezi anatumia mamake Siaya thao moja, na mamake akiitoa tunahesabu hiyo ya kutoa pia. Halafu, na hapa ndipo nilishika kichwa, kila akihitaji kitu anaenda kwa ajenti anatoa mia tatu. Leo mia tatu ya mafuta, kesho mia tatu ya makaa. Mara kumi kwa mwezi.

MTANGAZAJI: Hiyo ni kila mtu mtaani.

MWEKA HAZINA: Basi piga. Unga, mara 12 kwa 33, ni 396. Mama, 13 na 29 mara mbili, ni 84. Kutoa, mara kumi kwa 29, ni 290. Jumla 770 kwa mwezi. Kwa bei ya zamani ingekua 744. Kwa hivyo hii sheria mpya imemwongezea shilingi 26.

MTANGAZAJI: Ishirini na sita. Nyanya kadhaa.

MWEKA HAZINA: Ndio, na hapo ukiangalia vizuri kama 21 ndio kodi, zile tano ni kuzungusha. Lakini usisimame kwa hiyo 26, tuangalie 770 yenyewe! Ndani yake kodi yote ni kama mia moja hivi, ile mia sita na kitu ni ada ya kampuni. Tunapigia serikali kelele, na inafaa, lakini hii ingine tumeizoea mpaka hatuioni.

MTANGAZAJI: Sasa afanye nini, arudi kwa godoro?

MWEKA HAZINA: Kutoa mia tatu ni 29, kutoa elfu mbili na mia tano pia ni 29. Bei ni moja! Kwa hivyo hiyo elfu tatu yake ya mwezi atoe mara mbili, elfu moja mia tano mia tano, analipa 58 badala ya 290. Ameokoa 232 kabla hajamaliza chai. Unga, mwenye duka akikubali alipwe elfu nne mara sita, ni 57 mara sita, 342, ameokoa 54 ingine. Na akimshawishi huyo mwenye unga achukue till, hiyo yote inaisha.

MTANGAZAJI: Lakini Mama, mimi nikiwa na thao na nusu mfukoni hailali.

MWEKA HAZINA: Hiyo ndio shida ya kweli, na nimemwambia jirani hivyo hivyo. Pesa ya mkononi ina miguu, na hapa kwetu usiku ina wenyewe wengine pia. Kama unajijua, toa ya siku tatu, si ya wiki mbili. Bado ni afadhali kuliko ya jioni moja.

MTANGAZAJI: Ya kumtumia mama nyumbani?

MWEKA HAZINA: Elfu tano mara moja, kutuma na kutoa, ni 126. Ukiikata thao thao mara tano, kutuma 65, na yeye akitoa kila mara ni 145 ingine, jumla 210. Lakini wacha niseme ukweli, wengi hatukati kwa kupenda. Mtu wa mkono kwa mjengo analipwa kila jioni, elfu tano ataitoa wapi kwa siku moja? Ndio maana nasema hii kodi inamuuma mwenye kupata kidogo kidogo, hata kama asilimia ni moja kwa wote.

MTANGAZAJI: Meseji ya mwisho, mama wa Mathare anauliza kodi ya nyumba analipa kwa paybill, naye anakatwa?

MWEKA HAZINA: Inategemea vile mwenye nyumba alichagua. Kuna paybill ada inabebwa na mwenye paybill, kuna zingine mnagawana, zingine ni wewe mlipaji peke yako. Usome tu meseji ikiingia, hapo kwa "Transaction cost" ikiwa ni 0.00 uko sawa. Ikiwa si hivyo mwulize keyateka, adabu tu, kama anaweza kuongea na landilodi abadilishe. Wapangaji kumi wakiuliza pamoja itaskika.

MTANGAZAJI: Mama asante. Anabaki hapa nje ya studio mpaka saa nne, ukiwa karibu leta simu yako mpige hesabu pamoja, ni bure, haina ada.

MWEKA HAZINA: Mlete na kalamu, yangu imeisha wino.

(Muziki unapanda, sekunde 20, kisha matangazo ya mtaa)